Aliyeulizwa Kabla ya Mkopo

Oumaya binti Nouriat alizaliwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: alitaka kujua kwa nini. Wenzake wakiambiwa njia ya chini imefungwa, walizunguka ya juu, basi. Yeye alisimama akauliza imefungwa na nani, tangu lini, na aliyeifunga alimwomba ruhusa nani. Mama yake alimvumilia kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine. Mama yake mdogo, Saoudat, alimpenda kwa maswali hayohayo, na kila akiyasikia alipiga makofi akasema, "Huyu asomeshwe, jamani, la sivyo atatuua sisi kwa kutuhoji."

Akasomeshwa. Kutoka Mutsamudu, katika kisiwa cha Ndzuani, akavuka bahari mpaka Moroni, kisiwa cha Ngazidja, kusomea uhasibu chuoni, na miaka aliyoangukia haikuwa miaka mizuri ya kuwa Mndzuani katika Moroni. Wakuu wa Ndzuani walikuwa wamekataa kuutii Muungano wa Komoro, wamefanya uchaguzi ambao Moroni iliukana, na redio za pande zote mbili zilitukanana asubuhi na jioni. Darasani walimwita muasi. Mwanzo walimwita huku wakicheka. Kufikia mwisho wa mwaka 2007 hawakucheka tena. Alipanga chumba Vouvouni, kusini ya mji, kwa mjane aitwaye Roukia, mmoja wa wale waliookolewa Majunga, kule Madagaska, na kuletwa kwa ndege mwaka 1977 baada ya Wangazidja wenzao kuchinjwa kule. Roukia alikuwa ameishi Vouvouni miaka thelathini na bado majirani walimwita mtu wa kuja. Labda ndiyo maana alimpa Oumaya chumba kwa bei ya huruma.

Mada ya utafiti ndiyo iliyomtesa kwanza. Fundi Kamaldine, mwalimu aliyemsimamia, alikuwa mtu mkavu, mwenye koti moja la kijivu na kalamu isiyosamehe. Oumaya alimpelekea mada ya kwanza: mchango wa vikundi vya akiba katika maendeleo ya visiwa. Fundi aliisoma akamrudishia.

"Hii si mada, mwanangu. Hii ni hotuba ya waziri."

Akaenda akarudi na nyingine, juu ya jinsi vikundi vya vijijini vinavyotunza hesabu. Fundi akauliza atapima nini hapo. Akaulizwa tena: katika vikundi hivyo, ni jambo gani yeye mwenyewe haelewi?

Hapo hakuhitaji kufikiri. "Sielewi, fundi, kwa nini mama yangu mdogo hakopeshwi."

Fundi Kamaldine aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. "Haya. Sasa tuna mada. Kanuni zilizoandikwa za kutoa mkopo, na kanuni zinazotumika kweli. Tazama maombi yote ya mizunguko mitatu iliyopita. Nani aliomba, nani alipewa, nani aliahirishwa. Kisha linganisha na kanuni zao wenyewe. Zile kesi ambazo kanuni hazizielezi, hizo ndizo utafiti wako."

Basi tuzieleze hizo kanuni, maana bila hizo hadithi hii haina miguu. Kikundi kilikuwa cha wanawake wa mji wa kale, ishirini na wachache, wauza vitambaa, wapika mikate, mke wa mpakuaji wa bandarini, karani mmoja wa ofisi ya ushuru. Walikutana kila Jumapili alasiri kwa Bi Bahiat, Bweni Bahiat kama walivyomwita kwa heshima, mkuu wao, mkekani. Kila mmoja alinunua hisa, moja mpaka tano kwa uwezo wake, na fedha ziliingia katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu. Mwenye haja aliomba mkopo usiozidi mara tatu ya akiba yake, akaleta wadhamini wawili kutoka humohumo mkekani, akalipa katika miezi mitatu. Riba hawakutaka hata kuisikia. Aliyelipa alitia kitu kidogo katika mfuko wa misiba kwa shukrani yake. Mwaka ukiisha, kabla ya Ramadhani, sanduku lilifunguliwa na kila mtu akagawiwa akiba yake. Kanuni nzuri, za watu wenye akili. Kwa kanuni hizo Saoudat alistahili kukopeshwa kabla ya wote.

Alinunua hisa tano kila Jumapili. Hakuwahi kuchelewa. Alikuwa akishona kwa mkono mpaka vidole vikatoboka, na alichotaka ni cherehani pamoja na vitambaa vya kuanzia, afungue kijiduka Mirontsy, mji wa jirani, pale karibu na soko la samaki ambapo wanawake hupita wakiwa na fedha mkononi. Aliomba, akaambiwa safari ijayo. Mwaka uliofuata akaomba tena, safari ijayo. Mara ya tatu vilevile. Na Saoudat, kwa moyo aliokuwa nao, alirudi nyumbani akicheka: "Foleni ndefu, dada. Mungu hana haraka."

Dada huyo ni Nouriat, mama yake Oumaya. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya marehemu mama yao, na kama ilivyo desturi iliachiwa mabinti. Nouriat akakaa juu, Saoudat na mumewe Fakri chini, ngazi moja kati yao. Wali wa juu ulishuka, samaki wa chini akapanda. Nouriat alikuwa mmoja wa wale watatu wenye funguo.

Kabla Oumaya hajaondoka Vouvouni kwenda kukusanya habari zake, Roukia alimfungia mkate wa safari akamwambia neno. "Sisi tuliotoka Majunga tulikaa miaka kumi bila kukopeshwa hapa hata kibaba cha mchele. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Nikuulize wewe msomi: ungeniambia, ningefanya nini na hiyo sababu?"

"Ungejua, bibi," Oumaya alisema.

"Ningejua," Roukia akakubali, akamtia mkate mkononi.

Alifika Mutsamudu mwezi wa Disemba, kwa chombo kilichojaa mpaka juu, kwa kuwa watu walikwisha kunusa kwamba safari zitakatika. Mji ulikuwa na njaa ya mafuta na ya habari. Umeme ulikuja ulipotaka. Wanaume walikaa vibarazani wakinong'ona kwamba Moroni italeta askari, na wengine kwamba haithubutu. Oumaya hakuwa na masikio ya hayo. Alikaa kwa Bweni Bahiat wiki nzima na daftari za kikundi, akapanga maombi yote, hisa za mwombaji, mahudhurio yake, jinsi alivyolipa mkopo uliotangulia. Na kazi ikamwendea vizuri kuliko alivyotarajia. Kesi nyingi zilijieleza zenyewe: huyu aliahirishwa kwa kuwa hakuhudhuria, yule kwa kuwa bado anadaiwa, mwingine sanduku lilikuwa tupu siku hiyo. Zilibaki chache, saba au nane, za wanawake wenye akiba nzuri na rekodi safi walioambiwa safari ijayo bila sababu. Daftari haikusema kitu. Saoudat peke yake alikuwa tatu kati ya hizo.

Alimuuliza Bweni Bahiat. Mama huyo, mnene, mpole, mwenye msindzano, dawa ya msandali, usoni, alimmiminia chai.

"Tulitazama, tukaona bado."

"Mlitazama nini, bweni?"

"Kunywa chai, itapoa."

Ilimchukua Oumaya siku nyingi za chai. Mwisho Bweni Bahiat alichoka, au tuseme aliona mtoto huyu ni wa nyumba na utafiti ni jambo la kheri, akamweleza. Kabla ombi halijafika mkekani, alisema, mkuu wa kikundi hupita kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya mwombaji, mlango wa jikoni, akamuuliza mwanamke mmoja wa damu yake upande wa mama: tumpe? Anaweza kuwa dada, shangazi, binamu, hata bibi. Wao ndio wanaojua nani ana mume mwenye mkono mrefu, nani ana deni jingine, nani anaumwa na hajasema. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyeulizwa akisema mpeni, hupewa. Akisema bado, ombi hurudi kwa maneno safari ijayo, na lawama hubebwa na kikundi kizima.

"Na mwombaji hajui aliulizwa nani?"

"Kila mtu anajua mlango wa nyuma hubishwa. Lakini nyumba ya mama ina wanawake sita, saba. Huulizi. Lawama ikigawanywa kwa saba haimuui mtu. Ikimwangukia mmoja, mwanangu, inaua."

Mtu mwingine angeishia hapo. Nami nasema hata utafiti ungetosha kuishia hapo, na Fundi Kamaldine angempa alama zake. Lakini mwanamke wa damu ya Saoudat aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa akilala chumba cha pili. Usiku huohuo Oumaya aliuliza kwa nini.

Nouriat alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia ni mimi?"

"Hakuna. Ndiyo nakuuliza."

Mama akachambua, akachambua, mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi. Kisha machozi yakamtoka, akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Kwamba marehemu mama yao aliwaachia bangili za dhahabu, sawa kwa sawa. Kwamba Fakri, mwaka wa pili wa ndoa, alimshawishi Saoudat auze zake, akatia fedha kwenye injini ya mashua ya rafiki yake, na injini ikaenda kisiwa cha Maore haikurudi. Mji mzima ulijua. "Mume wake alikwisha kula bangili, Oumaya. Atashindwaje kula mkopo? Na akiula, wadhamini watakuja kwenye mlango wa nani? Nyumba hii ni yetu sote. Nilisema bado. Nimesema bado mara tatu, na kila mara alipanda ngazi hii akicheka, na mimi nikampakulia wali. Usimwambie. Ukimwambia umenizika."

"Sitamwambia mtu, mama." Na hakumdanganya. Alivyoona yeye, kuandika bila jina si kuambia.

Ndipo lilipo kosa lake, na ni kosa la mtu aliyefundishwa vizuri. Chuoni alifundishwa kuwaficha watoa habari kwa namba, naye akawaficha: mwanachama wa kwanza, wa pili, wa kumi na moja. Alibadilisha kazi za watu. Mshonaji akamfanya mpika mikate. Dada akamwandika ndugu wa karibu. Alifundishwa pia kwamba maneno ya mtoa habari mwenyewe, yakinukuliwa kama yalivyotamkwa, yana uzito kuliko maelezo ya mtafiti. Kwa hiyo chini ya mwanachama wa kumi na moja akaandika sababu ya kuahirishwa: Mume wake alikwisha kula bangili. Sentensi haikuwa na jina, akadhani haina mwenyewe. Moroni ingeweza kuwa hivyo. Katika mji ambao watu hupita kwa bega kwa kuwa vichochoro havina nafasi ya wawili, kila sentensi ina mwenyewe na anwani yake.

Februari safari zikakatika kweli. Simu zilikuwa zikishika na kuachia, lakini siku moja alimpata Fundi Kamaldine, akamsomea matokeo. Fundi alifurahi, jambo lililokuwa nadra. Akamwambia kanuni ya mwisho: kabla ya kuja mbele ya jopo, warudishie waliokupa habari, wasomee, wakusahihishe. Kosa lako wataliona wao kabla yetu.

"Umeficha watu wako vizuri?" Fundi aliuliza.

"Nimewaficha, fundi."

Aliwasomea Jumapili, mkekani, baada ya hisa kununuliwa na kufuli kufungwa. Nouriat hakutaka kuwepo lakini mwenye ufunguo hawezi kukosa. Saoudat alikaa mbele kabisa, kifua mbele, akimtazama mtoto wao akisoma. Wanawake walisikiliza kwa raha. Waliposikia mahudhurio yao yamehesabiwa walicheka na kusukumana. Waliposikia mlango wa nyuma umetajwa kwa sauti, kicheko kikapungua. Bweni Bahiat alikohoa. Oumaya, macho kwenye karatasi, akaendelea na mwanachama wa tano, wa tisa, na kisha, kwa sauti nzuri ya shule, akasoma ya kumi na moja.

Karani wa ushuru alijifunika mdomo kwa ncha ya shiromani aliyojitanda. Oumaya akainua macho akaona kila mtu anatazama mahali pamoja, na ndipo akajua, sekunde moja baada ya wengine wote.

Saoudat aliuliza polepole, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Bweni Bahiat. Kwangu ulibisha kwa nani?"

"Saoudat, mwanangu, mambo haya hayaulizwi."

"Nimeshauliza."

Bweni Bahiat aliinamisha kichwa. Angeweza kutaja binamu yeyote aliyekufa. Lakini Nouriat, ambaye hakuwahi kujua kuficha uso wake, alikuwa tayari analia, na kilio chake kikajibu.

"Dada," Saoudat alisema. "Wewe?"

"Niliogopa, Saoudat."

"Miaka mitatu nakupandia ngazi nakwambia foleni ndefu."

Hapo mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo ilifanya kazi mbaya kuliko tusi, maana ilipita vichwani mwa wote. Kila mmoja aliyewahi kuambiwa safari ijayo aligeuka akamtazama aliyekaa naye. Binamu akamtazama binamu. Saoudat alidai akiba yake siku ileile. Kanuni zilikataza kutoa kabla ya mwaka kuisha, lakini Bweni Bahiat, kwa aibu, alizitaka funguo tatu. Nouriat alilazimika kupiga magoti kufungua kufuli yake mwenyewe ili dada yake achukue fedha na kuondoka. Jumapili iliyofuata walikuja wengine wanne kudai zao. Iliyofuata, tisa. Kikundi kilichodumu miaka kumi na minne hakikuona mwezi wa tatu.

Niseme hapa, kwa kuwa baadaye sitakuwa na moyo wa kusema, kwamba utafiti ule ulipita. Mwezi wa Juni, safari zilipofunguka, jopo lilimsifu Oumaya kwa kugundua jambo ambalo vitabu hulizungumza na wachache hulishuhudia. Mmoja wao alimshauri auchapishe.

Mutsamudu watu walikaa wakingoja Fakri ale fedha za mkewe. Walingoja kwa hamu, wacha tuseme ukweli. Wengine walihitaji ale, ili kilichotokea kiwe na maana. Fakri alikwenda Mirontsy kwa miguu, kwa kuwa hakukuwa na mafuta ya teksi, akarudi na cherehani kuukuu aliyoinunua kwa mjane mmoja. Aliibeba begani kupitia vichochoro vyote, akipumzika kila kona, jasho likimtiririka, na wanaume vibarazani wakamtazama. Akarudi tena Mirontsy akapanga kichumba karibu na soko la samaki. Hakula hata faranga moja.

Nouriat aliiona cherehani ikiingia mlangoni mwao kutoka dirishani juu. Alikaa chini.

"Uliniuliza sababu, nikakupa," alimwambia Oumaya. "Sababu yangu ilikuwa kweli, mwanangu. Ila ilikuwa ya zamani. Sikumtazama tena yule mtu tangu siku ile. Nilikuwa namjua, sikumtazama."

"Shuka umwambie hivyo, mama."

"Nitashuka."

Hakushuka siku hiyo. Alituma sahani ya wali kwa mkono wa Oumaya, ikarudi imefunikwa vilevile. Alituma tena, ikarudi. Mara ya tatu Saoudat alimwambia Oumaya, bila kusimamisha mguu wake kwenye cherehani, "Mwambie mama yako, mimi si mtu wa kulishwa. Na wewe usije tena hapa na sahani. Wewe una karatasi." Oumaya alipanda ngazi akatamani azichane zile karatasi zote, lakini hakuzichana, na kwa hilo alijichukia.

Nouriat alikuwa mgonjwa wa presha. Vidonge vyake vililetwa na chombo cha Moroni, na chombo cha Moroni hakikuja. Alikuwa akivikata nusu tangu Februari bila kumwambia mtu. Alipobaki na vichache akavikata robo. Oumaya alipogundua alizunguka maduka yote ya dawa, akaenda hospitali, akaenda Mirontsy, kote akaambiwa vimekwisha, ngojeni mambo yatulie. Mambo hayakuwa na nia ya kutulia. Kila nyumba ilikuwa imenunua mchele wa kujifungia nao ndani, na watu walikuwa wanaulizana kama askari watatokea baharini au angani.

Ilikuwa adhuhuri, katikati ya Machi. Nouriat alisimama akasema, "Sasa nashuka." Alivaa shiromani yake nzuri. Alifika ngazi ya tatu au ya nne, akashika ukuta, mdomo ukaenda upande, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Oumaya alipiga ukelele. Fakri ndiye aliyetoka kwanza. Gari halifiki kwenye vichochoro vile, hata siku ya harusi. Wakamweka Nouriat kwenye kiti, Fakri mbele, majirani wawili nyuma, wakambeba mpaka barabarani, kisha, kwa kuwa barabarani nako hakukuwa na gari lenye mafuta, wakambeba mpaka hospitali. Mtu aliyekula bangili alimbeba aliyemkataa, na alilia njia nzima.

Saoudat alisimama mlangoni mwake. Oumaya, akipita, alimwita: "Mama mdogo, njoo! Alikuwa anakujia wewe!" Saoudat alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mguu mmoja ulitoka nje, ukarudi. Kiti kikapinda kona.

Nouriat alikufa kabla ya alasiri kuadhiniwa. Hakusema neno lolote baada ya yale ya ngazini.

Walimrudisha nyumbani, na nyumba ikajaa wanawake, wote wale wa mkekani, waliokuwa hawasalimiani tangu wavunje sanduku, sasa wamekaa goti kwa goti. Oumaya alikaa kando ya mama yake aliyefunikwa. Maji yalikuwa tayari. Kabla ya kuosha, Bweni Bahiat alisimama, akasema inavyosemwa kwa kila maiti wa Kiislamu: kwamba mwenye kumdai marehemu aseme, warithi wamlipe, na mwenye kinyongo naye amsamehe, apumzike. Huwa watu hujibu kwa pamoja, tumemsamehe, na mara hii nao walijibu.

"Mimi namdai," ilisema sauti mlangoni.

Saoudat aliingia. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama wanavyojifunga waoshaji. Wanawake walimpisha.

"Aseme anachodai," Bweni Bahiat alisema. "Oumaya yupo. Atalipa."

Saoudat hakumtazama Bweni Bahiat. Alimtazama Oumaya. "Namdai neno moja. Aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, ngazini, jikoni, popote: Saoudat, mimi ndiye niliyekukatalia. Ningegomba. Ningelia siku mbili. Kisha ningepanda. Neno hilo lilikuwa langu na lake. Huyu mtoto alilichukua akalisomea watu." Alivuta pumzi. "Oumaya. Unaweza kunilipa hilo?"

Msichana aliyekuwa na swali kwa kila jambo alitafuta jibu moja, la mtu mwingine, na hakulipata.

"Basi sijasamehe," Saoudat alisema. "Msiseme nimesamehe. Nitamwosha, ni dada yangu, hakuna mwingine wa tumbo moja wa kumwosha. Lakini sijasamehe."

Akapiga magoti, akakunja mikono ya nguo, akaomba apewe maji.

Oumaya alimwinulia ndoo. Saoudat akaipokea kutoka mikononi mwake bila kumtazama, na kwa sauti ileile ya kuuliza bei akamwambia atoke nje mpaka wamalize.